Quickselect au kupanga orodha nzima: ipi uitumie kutafuta mediani?

Mediani ni ile namba inayokaa katikati orodha ikishapangwa kutoka ndogo hadi kubwa. Ndiyo maana karibu kila anayeitafuta kwa mara ya kwanza huandika mistari miwili: panga orodha, kisha chukua iliyo katikati. Jibu hutoka sahihi, na kwa orodha ya namba mia mbili au elfu mbili sioni sababu ya kuhangaika na njia nyingine. Swali huja orodha inapofika namba milioni moja, au hesabu ileile inaporudiwa mamia ya mara kwa siku. Hapo unalipia kazi ambayo hukuiagiza. Kompyuta imeamua namba ipi ikae nafasi ya 7 na ipi ya 8, ipi ya 300,412 na ipi ya 300,413, na wewe ulitaka ile moja ya katikati tu.

Quickselect huiacha kazi hiyo ya ziada. C.A.R. Hoare aliichapisha mwaka 1961 kwa jina la `Find`, pamoja na Quicksort, algoriti yake maarufu ya kupanga. Zote mbili hutumia mbinu moja: unachagua namba moja iwe egemeo, unazitenga zilizo ndogo kuliko egemeo upande mmoja na zilizo kubwa upande wa pili. Quicksort hurudi kuzishughulikia pande zote mbili. Quickselect hujiuliza kwanza mediani imeangukia upande gani, ikaufuata huo, na upande wa pili haiugusi tena.

## Tuifuate hatua kwa hatua

Chukua namba hizi 11:

```
29  7  41  18  3  36  52  11  23  64  15
```

Tukihesabu nafasi kuanzia 0, mediani iko nafasi ya 5, maana namba tano zitakuwa kabla yake na tano baada yake. Tunachagua egemeo kwa nasibu, na tuseme imetoka 41. Tunalinganisha kila namba nyingine na 41, yaani mara 10. Ndogo zinapatikana nane: 29, 7, 18, 3, 36, 11, 23, 15. Kubwa ni mbili tu, 52 na 64. Ndogo zikiwa nane zinachukua nafasi ya 0 hadi ya 7, kwa hiyo nafasi ya 5 imo humo. Namba 41, 52 na 64 tumemalizana nazo.

Katika zile nane, egemeo sasa limetoka 11. Tunalinganisha mara 7. Ndogo ni 7 na 3. Kubwa ni 29, 18, 36, 23, 15. Safari hii tunachotafuta kimo upande wa kubwa, na hapa ndipo wengi hukosea wanapoandika programu yao ya kwanza: nafasi lazima ihesabiwe upya. Tumetupa namba tatu zilizo chini (3, 7 na egemeo lenyewe 11), kwa hiyo nafasi ya 5 katika orodha kubwa inakuwa nafasi ya 2 katika hizi tano zilizobaki. Ukisahau kutoa hiyo 3, programu itakwenda bila kulalamika kisha ikupe namba isiyo yake, au itatafuta nafasi ambayo haipo.

Egemeo la tatu limetoka 23. Tunalinganisha mara 4. Ndogo ni 18 na 15, kubwa ni 29 na 36. Namba 23 yenyewe imekaa nafasi ya 2, ile tuliyoitaka. Mediani ni 23.

Jumla tumelinganisha mara 10, 7 na 4, yaani 21. Sasa weka kando ya hiyo njia ya kupanga. Namba 11 zinaweza kupangika kwa namna 39,916,800, na kila ulinganisho hukata uwezekano nusu kwa nusu ukiwa na bahati nzuri, kwa hiyo hakuna algoriti ya kupanga kwa kulinganisha inayoweza kuhakikisha kumaliza chini ya mara 26. Tofauti ya 21 na 26 ni ndogo kwa sababu orodha ni ndogo. Ila angalia kilichoachwa: hatukuwahi kulinganisha 52 na 64, wala 7 na 3. Orodha ikiwa ndefu, faida yote inatoka hapo, katika jozi ambazo hakuna aliyezigusa.

## Gharama zikiwekwa bega kwa bega

Kama egemeo lingegawa orodha katikati kila mara, Quickselect ingesoma namba zote, halafu nusu, halafu robo, halafu thumni, na jumla yake haivuki mara mbili ya urefu wa orodha. Egemeo la nasibu haligawi vizuri hivyo. Kwa mediani, hesabu inaonyesha kwamba kwa wastani utalinganisha karibu mara 3.4 ya urefu wa orodha. Orodha ya namba milioni moja itahitaji kulinganisha karibu mara milioni 3.4. Kupanga orodha hiyohiyo kwa kuunganisha vipande vilivyopangwa kunahitaji karibu mara milioni 19. Ni kama mara sita zaidi, na pengo linazidi kupanuka kadiri orodha inavyorefuka, kwa sababu gharama ya Quickselect kwa kila namba haibadiliki na ile ya kupanga hupanda polepole.

Kwa hesabu hiyo mtu angesema mashindano yameisha. Hayajaisha, na kuna mambo mawili ninayoyaangalia kila mara kabla ya kuacha kupanga.

La kwanza ni lugha unayoandikia. Hii hapa Quickselect kamili katika Python:

```python
import random

def quickselect(a, k):
    while True:
        p = random.choice(a)
        ndogo = [x for x in a if x < p]
        sawa = [x for x in a if x == p]
        if k < len(ndogo):
            a = ndogo
        elif k < len(ndogo) + len(sawa):
            return p
        else:
            k -= len(ndogo) + len(sawa)
            a = [x for x in a if x > p]
```

Ni fupi, inasomeka, na haiharibu orodha ya aliyeiita. Ila kila `x < p` hapo inapita kwenye Python yenyewe, na kila mzunguko unaisoma orodha mara mbili au tatu na kutengeneza orodha mpya. Upande wa pili, `sorted` imeandikwa kwa lugha ya C na kunolewa kwa miaka mingi. Ile faida ya mara sita huliwa na tofauti hiyo, na mara nyingi `sorted` hulingana na Quickselect uliyoiandika kwa mkono, au huishinda kabisa. Hata `statistics.median` ya Python hupanga orodha yote kwa `sorted` kisha ikachukua ya katikati. Ukitaka faida ya kweli ndani ya Python, tumia iliyokwisha kuandikwa chini kabisa: `numpy.median` haipangi orodha nzima, bali huita `partition`, ambayo ni ya ukoo wa Quickselect. Katika C++ kuna `std::nth_element`, na katika Rust kuna `select_nth_unstable`. Huko tofauti na kupanga huonekana waziwazi.

La pili ni hali ya data yenyewe. `sorted` ya Python hutazama kama orodha tayari ina mpangilio. Ukiipa namba milioni moja zilizokwisha kupangwa, italinganisha kila namba na jirani yake mara moja tu, mara 999,999, kisha imemaliza. Hiyo ni chini ya theluthi ya kazi ya Quickselect kwenye orodha hiyohiyo. Kwa hiyo data ikitoka kwenye hifadhidata iliyokwisha kuipanga, au orodha ikiwa imepangwa jana na leo zimeongezwa namba chache mwishoni, kupanga ndiko kwepesi. Na kama una uhakika kwamba imepangwa, hata hiyo `sorted` huihitaji. Soma nafasi ya katikati moja kwa moja.

Idadi ya maswali pia ina uzito wake. Anayetaka mediani pekee hana sababu ya kupanga. Anayetaka mediani, robo ya chini, robo ya juu, na nafasi nyingine tano au sita kutoka orodha ileile, akiita Quickselect upya kwa kila moja atafika au kupita gharama ya kupanga mara moja. Kwa nafasi mbili au tatu, `numpy.partition` hupokea nafasi kadhaa kwa mkupuo, na hiyo ni njia nzuri ya kati.

## Egemeo baya

Hapa ndipo Quickselect inapoweza kukuangusha. Niliwahi kuandika moja iliyochukua namba ya kwanza ya orodha iwe egemeo kila mara, kwa sababu ndivyo mifano mingi inavyofundisha. Nilikuwa natafuta mediani ya muda wa majibu wa seva. Nikaijaribu kwa namba nilizozitoa kwa nasibu, ikaenda upesi, nikaridhika. Data halisi ilipoingia, rekodi 400,000, programu ilikaa kimya. Haikutoa kosa lolote. Nikadhani imekwama kwenye kusoma faili, nikapoteza muda mwingi kukagua mahali ambapo hapakuwa na tatizo.

Faili lile lilikuwa limekwisha kupangwa kabla ya kunifikia. Orodha ikiwa imepangwa, namba ya kwanza ndiyo ndogo kuliko zote, kwa hiyo upande wa ndogo hubaki mtupu na kila mzunguko hutupa namba moja tu: egemeo lenyewe. Kufika katikati kulihitaji mizunguko 200,000, na kulinganisha karibu mara bilioni 60. Kwa egemeo la nasibu ingekuwa karibu mara milioni 1.4. Ajabu yake ni kwamba orodha iliyo rahisi kuliko zote kwa `sorted` ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote kwa ile Quickselect yangu.

Tangu siku hiyo huweka kihesabu cha mizunguko. Kwa egemeo la nasibu, mediani ya namba 400,000 hupatikana kwa mizunguko kama 25 kwa wastani. Leo ni 18, kesho 33. Ukiona mizunguko imepita mamia, tatizo ni egemeo na wala siyo faili. Walioandika kwa kujiita upya badala ya `while` huonywa mapema zaidi: Python hukatisha kwa `RecursionError` ikifika kina cha 1000, ambacho ndicho kikomo chake cha kawaida.

Kinga ya kwanza ni nasibu, mstari mmoja tu. Kinga ya pili ni kuchukua namba tatu, ya mwanzo, ya kati na ya mwisho, na kufanya ile ya katikati miongoni mwao kuwa egemeo. Hii huiokoa orodha iliyopangwa, na zile tatu zikichukuliwa kwa nasibu, wastani wa kulinganisha hushuka kutoka mara 3.4 hadi 2.75 ya urefu. Mimi hupenda nasibu kwa sababu haitegemei sura ya data hata kidogo.

Nasibu haikukingi na namba zinazojirudia, na hili hushika wengi. Muda wa majibu ukikadiriwa kwa milisekunde kamili, orodha ya namba milioni moja inaweza kuwa na thamani tofauti mia mbili tu. Programu inayogawa pande mbili, «ndogo» na «kubwa au sawa», ikikutana na namba 12 mara laki moja itazitoa moja baada ya nyingine, hata egemeo lichaguliwe kwa nasibu namna gani. Ndiyo sababu programu niliyoiweka hapo juu ina fungu la tatu, `sawa`. Egemeo likiwa 12, zile 12 zote laki moja hutoka kwa mzunguko mmoja. Kupanga kwa `sorted` hakuna ugonjwa huu, na hiyo ni alama moja ya haki kwa upande wake.

Kuna jambo jingine linalozipata njia zote mbili, kila moja kwa namna yake: thamani ya `NaN` ndani ya orodha. `NaN` si ndogo, si kubwa, wala si sawa na chochote, hata na yenyewe. `sorted` itakupa orodha iliyovurugika bila onyo. Quickselect yetu itaidondosha njiani na nafasi zikasogea, ama ikichaguliwa kuwa egemeo mafungu yote yatakuwa matupu na utaona `IndexError`. `numpy.median` hukujibu `nan` waziwazi. Vyovyote utakavyochagua, ondoa `NaN` kwanza.

## Idadi ikiwa shufwa

Orodha ya namba 11 ina katikati moja. Ukiongeza 70 kwenye mfano wetu, namba zinakuwa 12 na katikati ni mbili, 23 na 29, na mediani ni wastani wao, 26. Usiite Quickselect mara mbili. Ile inayogawa ndani ya orodha yenyewe ikishapata nafasi ya 6, namba zote zilizo kushoto kwake huwa ndogo au sawa nayo, kwa hiyo pita mara moja upande wa kushoto ukachukue iliyo kubwa kuliko zote. Hapa utapata 29, kisha 23 kwa kupitia namba sita tu.

Kumbuka tu kwamba Quickselect ya namna hiyo, kama `std::nth_element`, huzihamisha namba. Kama mpangilio wa mwanzo una maana, kwa mfano kila namba ina saa yake katika orodha nyingine ya pembeni, nakili orodha kwanza. Kupanga papo hapo kwa `list.sort` kuna hasara hiyohiyo.

## Ukitaka uhakika

Egemeo la nasibu hufanya bahati mbaya iwe adimu sana, lakini haiifuti. Mwaka 1973 Blum, Floyd, Pratt, Rivest na Tarjan walichapisha namna ya kuchagua egemeo ambayo haikubali bahati mbaya kabisa. Unagawa orodha katika vikundi vya namba tano tano, unatafuta katikati ya kila kikundi, halafu unatafuta mediani ya hizo za katikati kwa njia ileile, na hiyo ndiyo inakuwa egemeo. Nusu ya vikundi vina katikati isiyozidi egemeo, na katika kila kimoja kati ya hivyo namba tatu kati ya tano haziwezi kulizidi. Kwa hiyo takriban asilimia 30 ya namba ziko chini yake kwa hakika, na 30 nyingine juu yake. Upande utakaobaki hauzidi asilimia 70. Ongeza asilimia 20 ya kazi ya kutafuta egemeo lenyewe, unapata 90, na kwa kuwa 90 iko chini ya 100, kazi hupungua kila hatua na jumla hubaki sambamba na urefu wa orodha.

Ni hoja nzuri sana, na bado sishauri uitumie peke yake. Kulisaka egemeo hilo kila mzunguko huifanya iwe nzito kuliko nasibu kwa data za kawaida. Mahali pake ni pa akiba: mwaka 1997 Musser alipendekeza kuanza na Quickselect ya kawaida, na ukiona mizunguko haipunguzi orodha inavyopaswa, kuhamia njia yenye uhakika. `numpy.partition` na `select_nth_unstable` zimejengwa kwa wazo hilo. Ukiandika mwenyewe, akiba hiyo inakuhusu pale data inapoletwa na watu usiowajua, ambao wanaweza kuipanga makusudi ili ikwamishe mashine yako.

## Namba zikiwa bado zinaingia

Hadi hapa orodha ilikuwa imekamilika na iko yote kwenye kumbukumbu. Namba zikija moja moja na mediani ikitakiwa baada ya kila moja, Quickselect na kupanga zote hazifai, kwa sababu kila namba mpya ingeanzisha kazi upya. Hapo weka malundo mawili: la chini lenye nusu ndogo, likionyesha kubwa yake juu, na la juu lenye nusu kubwa, likionyesha ndogo yake juu. Namba mpya huingia upande wake, na upande mmoja ukizidi mwingine kwa zaidi ya namba moja, ile ya juu yake huhamishwa. Mediani iko juu ya malundo muda wote, na kuingiza namba ya milioni moja hugharimu hatua 20 hivi kwa kila lundo linaloguswa.

Kama unasoma mediani mara moja tu jioni, baada ya namba zote kuingia, malundo ni gharama ya bure. Zikusanye kwenye orodha ya kawaida, na jioni ita Quickselect mara moja.